Ishirini na Kumi Si Thelathini

Severina Kihwele aliolewa Ubaruku akitokea Nyololo, huko ambako asubuhi ukinawa maji yaliyolala nje vidole vinakufa ganzi. Siku wakwe zake walipomwona anashuka kwenye gari na sweta zito, katikati ya joto la Mbarali, walicheka. Wakasema huyu hamalizi masika mawili. Alimaliza kumi na matatu. Akazoea mbu, akazoea matope ya majaruba yanayofika magotini, akajifunza kupandikiza mpunga kwa mstari ulionyooka hadi wenyeji wenyewe wakaanza kumwita aje kuwasaidia. Kitu kimoja tu hakukizoea, nacho ni kuambiwa anyamaze wakati anajua alichokiona.

Shule aliishia darasa la saba. Hesabu alizifahamu, lakini baba yake alikuwa na watoto wanane na shamba la viazi lisilolisha hata watano, kwa hiyo Severina alitoka darasani akaenda kuuza viazi vya kuchemsha kwa abiria wa mabasi yanayosimama Nyololo. Basi husimama dakika tatu. Katika dakika hizo tatu unapokea noti sita kupitia madirisha sita, unarudisha chenji sita tofauti, na dereva keshawasha gari. Ukikosea, hasara ni yako. Ndiyo shule yake ya pili, na kule hakufeli.

Basi wanakikundi wa Tujikomboe, wakulima ishirini wa mpunga, walipotafuta mweka hazina, mwenyekiti wao Bi Mwanakhamisi alimtaja yeye. Bi Mwanakhamisi alikuwa mjane wa makamo, wazazi wake walihamia Mbeya kutoka pwani, na mbali na mpunga alikuwa akiuza vitenge kwenye magulio. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Huyu mwanamke hajawahi kunirudishia chenji pungufu." Wakapiga kura, ikapita.

Katibu wa kikundi aliitwa Timotheo. Huyu alifika kidato cha nne, alivaa shati la mikono mirefu hata jarubani, na barua zote za kikundi aliziandika yeye. Watu walimheshimu, na mwenyewe alijua kwamba anaheshimiwa.

Timotheo ndiye aliyeleta karatasi ya tangazo. Duka moja la zana za kilimo Mbeya mjini, upande wa Mwanjelwa, lilikuwa linauza pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mikono, kwa shilingi milioni saba na nusu. Tangazo lilisema: punguzo la msimu asilimia ishirini, na vikundi vilivyosajiliwa vipate asilimia kumi zaidi. Timotheo alisimama mbele ya kikao, akaisoma karatasi kwa sauti, akasema, "Ishirini na kumi, thelathini. Asilimia thelathini ya milioni saba na nusu ni milioni mbili na laki mbili na nusu. Tutalipa milioni tano na laki mbili na nusu." Watu wakapiga makofi. Wakakubaliana kila mmoja atoe laki mbili na themanini, ipatikane milioni tano na laki sita: milioni tano na laki mbili na nusu ya pawatila, na laki tatu na nusu ya gari la kuibeba hadi Ubaruku.

Ilichukua wiki tatu kukusanya. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna aliyeuza mpunga wa akiba ambao watoto wangekula. Fedha zilipotimia ilikuwa imebaki siku moja punguzo lifungwe. Severina alipanda basi alfajiri, peke yake, fedha amezifunga tumboni chini ya kitenge.

Dukani alihudumiwa na binti aliyejitambulisha kwa jina la Ruwaida, mwenye hijabu ya kijani na kikokotoo kilichofutika namba kwa kubonyezwa. Severina akaonyesha cheti cha usajili wa kikundi. Ruwaida akakikagua, akabonyeza kikokotoo, akasema, "Hongereni, mama. Itakuwa milioni tano na laki nne."

"Hapana," Severina akasema. "Milioni tano, laki mbili na nusu."

"Laki nne, mama."

"Binti yangu, tangazo ni lenu, sikuliandika mimi. Ishirini na kumi ni ngapi?"

Ruwaida akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi. "Ishirini inatolewa kwenye bei ya mwanzo. Milioni saba na nusu, ishirini yake ni milioni moja na nusu, inabaki milioni sita. Sasa ile kumi inatolewa kwenye hiyo milioni sita, siyo kwenye saba na nusu. Kumi ya milioni sita ni laki sita. Toa, unabaki na milioni tano na laki nne."

Watu kumi na tisa walikuwa wamemtuma Severina, na namba waliyompa ilikuwa moja. Akaweka viwiko juu ya meza. "Sawa. Basi anza na ile kumi. Toa kumi kwenye saba na nusu kwanza, halafu ndiyo utoe ishirini. Msituanzie na kubwa ili ile ndogo ipate kupungua."

"Haya, tuone." Ruwaida akamgeuzia kikokotoo asome mwenyewe. Kumi ya milioni saba na nusu, laki saba na elfu hamsini. Inabaki milioni sita, laki saba na elfu hamsini. Ishirini ya hiyo, milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Inabaki milioni tano na laki nne.

Ileile.

Severina hakuamini kikokotoo. Aliomba kalamu, akageuza karatasi ya tangazo, akafanya upya kwa mkono, taratibu, akinong'ona. Ikatoka ileile. Akapiga simu kwa Timotheo. Katibu alipokea, akasikiliza nusu, akasema, "Wanakuibia hao. Waambie thelathini ni thelathini, usikubali," kisha akasema yuko kwenye kikao, akakata. Akapiga kwa Bi Mwanakhamisi. Simu ikaita mpaka ikachoka. Ilikuwa siku ya gulio.

Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya duka. Bodaboda zilipita, mtu akamwuliza kama anataka usafiri, akatikisa kichwa. Alikuwa anawaza mavuno ya mwaka uliopita. Alikodi jaruba la mzee mmoja kwa makubaliano kwamba mwenye shamba achukue gunia mbili katika kila kumi, na wavunaji wapate gunia moja katika kila kumi zinazobaki. Zilitoka gunia hamsini. Mwenye shamba akachukua kumi, zikabaki arobaini. Wavunaji wakachukua nne. Yeye akabaki na thelathini na sita. Nne, siyo tano! Kama mvunaji angedai gunia tano, ati kwa sababu zilivunwa hamsini, angemwambia: zile kumi zimeshaondoka na mwenye shamba, utanidaije sehemu ya kitu ambacho sinacho tena?

Akacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha. Hesabu aliyokuwa akiifanya kila mavuno ilikuwa imemkalia mbele ya macho, na bado alikuwa amepiga makofi pamoja na wengine katibu aliposema thelathini. Punguzo halikuwa asilimia thelathini. Lilikuwa ishirini na nane.

Sasa afanyeje? Akirudi mikono mitupu, kesho pawatila ni milioni saba na nusu na kikundi hakitainunua kamwe. Akilipa, laki moja na nusu itatoka kwenye nauli ya gari. Akainuka, akapangusa kitenge, akaingia ndani.

"Andika risiti," akamwambia Ruwaida. "Usafiri nitautafuta mwenyewe."

Kwa laki mbili zilizobaki alizunguka maegesho ya malori hadi jua likamchoma utosi. Wenye kenta walitaka laki tatu na nusu. Mwisho akampata dereva aliyeshusha mchele mjini na anarudi tupu Ubaruku, wakavutana, wakaangukia laki moja na themanini. Severina alisafiri nyuma, ameishikilia pawatila isigongwe, vumbi la barabara iliyokuwa kwenye matengenezo likimwingia puani, wakapita Igurusi na Chimala hadi kijijini. Hakula siku hiyo. Alishuka na noti mbili za elfu kumi kumi zilizobaki, akazikabidhi kwa mwenyekiti mbele ya watu. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto waliizunguka pawatila nyekundu wakiipapasa matairi.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Jumapili baada ya ibada kikao kikaketi, na Timotheo akasimama na daftari lake.

"Ndugu wanakikundi," alisema, "tulitoa milioni tano na laki sita. Pawatila ni milioni tano, laki mbili na nusu. Gari, mweka hazina anasema laki moja na themanini. Ilitakiwa irudi laki moja na elfu sabini. Imerudi elfu ishirini. Naomba atueleze laki moja na nusu iko wapi."

Severina akatoa risiti. "Pawatila ni milioni tano na laki nne. Hii hapa. Nilikupigia simu."

"Ulinipigia nikakwambia usikubali. Ukakubali. Kwa nini?" Akaigeuza geuza ile risiti. "Na wenye maduka hawa tunawafahamu. Unamwambia andika kadhaa, anaandika kadhaa, mnagawana."

Severina alitazama nyuso za watu aliopandikiza nao mpunga miaka kumi na mitatu, na aliona kitu kinaingia machoni mwao, kitu kidogo kama mchanga. Alijaribu kueleza: bei ya mwanzo, bei iliyobaki, kumi ya milioni sita. Lakini kwa hasira maneno yakatoka yamevurugika, na kila alipotaja namba Timotheo alitikisa kichwa akasema, "Ishirini na kumi ni ngapi? Mtoto wa darasa la pili anajua." Watu wakaguna. Kutoka nyuma mtu akasema, si kwa sauti ya juu lakini ilisikika, "Mtu wa kuja ni mtu wa kuja."

Timotheo akapendekeza arudishe fedha ndani ya wiki mbili, na kabla hajarudisha jaruba lake lisilimwe kwa pawatila. Bi Mwanakhamisi alisema suala hilo lisubiri uchunguzi, lakini mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi kuliko sauti yake.

Nyumbani mumewe, Saulo, alikuwa ameshasikia. Saulo alikuwa mpole, mtu wa kukwepa ugomvi hata na jogoo. Alimsubiri avue viatu, akasema, "Mama Clement, tumuuze yule ndama. Tulipe yaishe."

"Yaishe nini?"

"Maneno. Nakuamini. Lakini maneno hayaliwi, na kijiji ni kidogo."

"Nikilipa nimekiri," Severina akasema. "Leo nikitoa laki moja na nusu ambayo sikuila, mpaka nazikwa nitaitwa mwizi aliyerudisha. Na wewe utakuwa mume wa mwizi aliyerudisha. Ndama haendi popote."

"Utapigana na watu kumi na tisa?"

"Hata wangekuwa mia na tisa."

Saulo akainama. Hakumwunga mkono, hakumpinga. Hilo lilimuuma Severina kuliko maneno ya Timotheo.

Mvua zilianza. Kila asubuhi pawatila ilinguruma kwenye majaruba ya wenzake, ikivuruga udongo kwa saa mbili mahali ambapo jembe lingekula siku nne. Severina alichukua jembe lake. Alianza kabla ya jua, akarudi baada ya jua, na jaruba lake lilikuwa katikati, pawatila ikipita kulia kwake na kushoto kwake. Wapo waliomsalimia bila kumtazama. Bombani mazungumzo yalikatika alipofika. Kwenye kwaya msichana mmoja alisogeza kiti mbali naye. Severina hakuacha kwenda bombani, wala hakuacha kwaya. Alisimama mstari wa mbele kama kawaida na akaimba sauti ya kwanza, tena kwa nguvu zaidi, hata mwalimu wa kwaya akamwomba apunguze.

"Sipunguzi," alimjibu.

Mara mbili Timotheo alituma ujumbe kwamba akiandika barua ya kujiuzulu uweka hazina, suala la fedha linaweza kuzungumzwa kindugu. Alimjibu mjumbe, "Mwambie kalamu sina."

Lakini usiku wa kuamkia kikao cha mwisho wa wiki mbili hakukesha kwa hasira tu, alikesha akipanga. Mara ya kwanza alishindwa kwa sababu alipigana kwa namba za hewani, na namba za hewani humtii mwenye sauti kubwa. Asubuhi alichota mahindi kutoka kwenye gunia, akayahesabu punje moja moja, akayatia kwenye kibuyu.

Kikao kilifanyika chini ya paa la ghala la mpunga. Timotheo alifungua daftari. Kabla hajaanza, Severina alitandika mkeka katikati, akamwaga mahindi.

"Mama Clement, hapa si sokoni," katibu akasema.

"Mwenyekiti," Severina akasema bila kumtazama, "mtuhumiwa ana haki ya kusema?"

"Sema," Bi Mwanakhamisi akajibu.

"Hizi ni punje mia moja. Anayebisha azihesabu." Wawili wakazihesabu. Zilikuwa mia. "Mia hii ndiyo bei ya pawatila, yote, kabla ya punguzo. Katibu, wewe ndiye msomi wetu. Naomba uje utoe mwenyewe, watu wasiseme nimechezea. Punguzo la kwanza asilimia ishirini. Toa."

Timotheo alisita. Macho yote yalikuwa kwake. Akachuchumaa, akahesabu punje ishirini, akaziweka pembeni.

"Zimebaki ngapi?"

"Themanini."

"Sasa zigawe mafungu ya kumi kumi."

Akagawa. Yalitoka mafungu manane, yakajipanga juu ya mkeka kama mistari ya mpunga uliopandikizwa.

"Punguzo la pili ni asilimia kumi. Kumi katika mia ni moja katika kumi. Toa punje moja katika kila fungu."

Sasa kikao kilikuwa kimeanza kusogea, wa nyuma wakisimama kuona. Timotheo hakutoa. Bi Mwanakhamisi akasema taratibu, "Toa, katibu." Akatoa punje moja, ya pili, ya tatu, hadi ya nane. Mkono ukabaki hewani.

"Hakuna fungu la tisa?" Severina akamwuliza. "La kumi je? Tafuta vizuri. Wewe ulituambia kumi. Hizo mbili zilizopungua ziko wapi?"

"Kumi inahesabiwa kwenye mia," Timotheo akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mia iko wapi? Nionyeshe mia kwenye huu mkeka! Ishirini umezitoa kwa mkono wako, ziko pale pembeni. Duka linakupunguzia bei unayodaiwa sasa, siyo bei ambayo keshakuondolea. Hesabu zilizobaki."

Mzee mmoja akazihesabu. Sabini na mbili.

"Sabini na mbili katika mia," Severina akasema. "Pawatila ni milioni saba na nusu. Kila punje hapa ni elfu sabini na tano. Sabini na mbili mara elfu sabini na tano ni milioni tano na laki nne. Ni ileile iliyoko kwenye risiti. Na zile punje mbili mlizozililia wiki mbili ni laki moja na nusu. Hamkuibiwa. Hazikuwahi kuwepo."

Mtu mmoja, mvunaji wa zamani, akapiga paja. "Lo! Kama gunia za mwenye shamba!"

"Kama gunia za mwenye shamba," Severina akasema. "Wote humu mnaijua hii hesabu. Mmeifanya kila mavuno."

Timotheo alinyanyuka, akakung'uta magoti. "Hii ni michezo ya punje. Kwa kanuni asilimia hujumlishwa."

Hapo Bi Mwanakhamisi, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingilia, alikohoa. "Katibu, mimi nauza vitenge. Nikitangaza nusu bei, halafu jioni nikasema nusu tena kwa atakayenunua sasa, wewe utakuja ukiniambia hamsini na hamsini ni mia, nikupe kitenge bure?"

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Hata walionyoosha mikono dhidi ya Severina walicheka, wengine kwa nguvu kupita kiasi, kama watu wanaotaka kusahauliwa. Timotheo alifunga daftari.

"Basi hesabu imeeleweka," alisema. "Tuendelee na ajenda ya mafuta ya dizeli."

"Hatuendelei," Severina akasema.

Alikuwa bado amesimama kwenye mkeka, katikati ya mafungu manane.

"Uliniita mwizi mahali palipo na watu kumi na tisa. Hukusema hesabu haijaeleweka, ulisema tunagawana na wenye maduka. Nataka uyaondoe maneno hayo hapahapa, kwa sauti ileile. Na nyie mlionyoosha mikono, nyoosheni tena kuiondoa kura yenu."

"Mama Clement," mtu akabembeleza, "yameisha, tusameheane."

"Kusamehe ni kwangu na nitasamehe nikitaka. Kwanza yasemwe."

Timotheo akachukua daftari lake, akapita katikati ya watu, akatoka. Maneno yake hakuyaondoa. Bi Mwanakhamisi akaita kura: nani anakiri kwamba mweka hazina hakuchukua hata senti? Mikono ikaenda juu, mmoja mmoja, mwisho ikawa yote iliyokuwepo. Mzee aliyehesabu punje alisimama akasema, "Binafsi nilinyoosha mkono vibaya. Nisamehe, mwanangu." Wawili wengine wakasema hivyo. Wengine walitazama chini. Severina aliwahesabu pia.

Wakamwambia kesho pawatila ianzie kwake. Akasema haihitaji, ameshalima kwa jembe, imebaki robo, na hiyo robo ataimaliza kwa jembe vilevile. Uweka hazina hakuuacha. Ila aliweka sharti moja likaandikwa: kila mara kikundi kinapotaka kununua kitu chenye punguzo, hesabu ifanywe mbele ya wote kabla watu hawajauza mbuzi.

Jioni Saulo alikuwa ameshapata habari. Alikuwa ameketi mlangoni, amemkatia ndama majani.

"Ningekuwa nimeshamuuza," alisema.

"Najua."

"Ningelipa, na ningekuwa nimekosea."

Severina alikaa kando yake kwenye kizingiti. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. "Ungelipa kwa sababu ulinihurumia," akasema. "Mara nyingine usinihurumie. Simama tu karibu yangu." Saulo akaitikia kwa kichwa, na tangu siku hiyo alihudhuria kila kikao cha kikundi, ingawa hakuwa mwanachama, akikaa nyuma kabisa.

Wiki ya kupandikiza ilifika. Siku ya kwanza Severina alikuta mwanamke jarubani kwake amekwisha kuingia kwenye tope, miche mkononi. Alikuwa Devota, mke wa Timotheo.

"Kamwene, dada," Devota akamsalimia bila kuinua uso.

"Kamwene."

Walipandikiza hadi saa sita, wakala pamoja ugali na mlenda, wakaendelea. Devota akarudi siku ya pili, na siku ya tatu. Kila mtu aliyepita kwenye tuta aliona, na kila mtu alielewa kazi hiyo inalipa nini. Jioni ya siku ya tatu walinawa miguu mferejini. Devota akasema, huku akitazama maji, "Mwenzangu hawezi kusema 'nisamehe'. Amezaliwa hivyo. Lakini usiku hapati usingizi."

Severina alimsaidia kupanda ukingo. Alimfungia mchele kilo tano kwenye khanga, kwa sababu mtu akikufanyia kazi hatoki mikono mitupu.

"Mikono yako nimeipokea, dada yangu," alisema. "Wewe na mimi hatuna neno. Lakini mwambie mdomo wake bado nausubiri. Niko hapahapa Ubaruku, siendi kokote."